Asante kwa Kunisomea Tangazo la Stesheni

Kwako ndugu yangu uliyepanda teksi ya mdogo wangu usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025,

Salamu nyingi kutoka Umoja, hapa Nairobi. Jina lako silijui, na mdogo wangu naye hakukuuliza. Anakumbuka tu geti la Imara Daima ulikoshukia, na ndiyo sababu barua hii na kifurushi chake vinapitia kwa askari wa geti. Mimi ndiye yule mama wa picha ya tangazo. Nimerudi nyumbani salama, na nimeona si vyema wiki nyingine ipite kabla hujasikia asante kutoka kwangu mwenyewe.

Huenda hukuambiwa nilikuwa wapi hasa. Kazi yangu ni kuonja na kupanga chai katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area, na nilikuwa nimepelekwa mkoa wa Shizuoka, Japani, kujifunza wanavyoikausha chai ya kijani. Asubuhi hiyo nilikuwa naanza safari ya kurudi: treni ndogo ya kijijini saa 9:46, halafu treni ya mwendo kasi mpaka Tokyo, halafu ndege usiku. Stesheni yenyewe haina mfanyakazi hata mmoja. Ni kibanda, benchi, saa ya ukutani, na karatasi ile iliyobandikwa karibu na mlango.

Nakiri kwamba mwanzoni niliipuuza. Maandishi sikuyajua, lakini tarakimu nilizijua: 7, 9, 4. Nikajiambia hiyo ni tarehe 7 mwezi wa 9, bado siku tatu, hainihusu. Kilichonirudisha pale ukutani ni wino mwekundu. Mtu alikuwa amekata mstari mmoja kwa kalamu na kuandika mwingine pembeni kwa mkono. Mtu hahangaiki kusahihisha tangazo lisilo na haraka. Nikapiga picha nikamtumia mdogo wangu, kwa sababu huku ilikuwa saa tisa usiku na katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliyekuwa macho. Sikutarajia aijue lugha. Nilitaka tu mtu wangu ajue niliko.

Kumbe nyuma yake umekaa wewe, mwongoza watalii unayetoka kuwasindikiza wageni wako wa Kijapani uwanja wa ndege. Ameniambia ulimwomba asimame kwenye kituo cha petroli pale Cabanas ili uione picha kwenye mwanga. Mtu aliyekesha kazini, bado dakika chache afike kitandani kwake, anashuka kwenye gari kusoma karatasi ya mtu asiyemjua!

Sauti uliyonitumia ninayo mpaka leo, nimeisikiliza mara nyingi. Hukuniambia tu "panda basi" ukaishia hapo. Ulianza na tarehe: kwamba ile 7 ni mwaka, mwaka wa saba wa enzi ya Reiwa iliyoanza Mei 2019, kisha mwezi, kisha siku. Yaani ni leo. Ukaniambia nitazame ndani ya mabano, nitaona alama iliyosimama kama mti wenye matawi, na kweli maana yake ni mti, nayo ndiyo Alhamisi yao. Nikaitazama, nikauona mti. Hapo hofu ilinipungua, kwa sababu sikuwa tena nakuamini kwa kufumba macho. Nilikuwa nasoma pamoja nawe.

Ukasema treni zote zimesimamishwa kuanzia 9:30 hadi 15:30 kwa matengenezo ya reli, na kutakuwa na basi la kuchukua nafasi ya treni, tiketi yangu inatosha, nisilipe tena. Halafu ukasema jambo ambalo naliheshimu kuliko yote: "Mama, huu mwandiko wa mkono sijauona vizuri, na sitaki kubahatisha. Piga tena, sogea karibu, mwanga usiwe nyuma yako." Wangapi wangebahatisha? Mimi mwenyewe ningebahatisha, nikiwa na usingizi, ilimradi nionekane nimesaidia. Na ule mwandiko ndio uliokuwa na habari yenyewe: basi halifiki mbele ya stesheni kwa sababu barabara imechimbwa, linasimama kwenye maegesho ya duka la ushirika wa wakulima, na muda umesogezwa nyuma kutoka 9:50 hadi 9:35. Ningekaa kwenye benchi lile nikingojea gari lililokwisha kupita mahali pengine.

Na ile tahadhari yako ya saa! Ulisema, "Usibadilishe kwa Kiswahili. Mkono mfupi ukiwa kwenye tisa, mrefu ukiwa kwenye saba." Nilipokuwa ndani ya basi ndipo nilipogundua ajabu yake. Wao wametutangulia saa sita, na saa yetu ya Kiswahili inatofautiana na ya ukutani kwa saa sita. Kwa hiyo tarakimu iliyokuwa kwenye ukuta wa stesheni ile ndiyo saa uliyokuwa unaitaja wewe pale Cabanas: tisa kwao asubuhi, saa tisa kwetu usiku. Nimesafirisha chai miaka kumi na minne nikiandika saa za nchi za watu kwenye makaratasi, sijawahi kuliona hilo.

Ujumbe wako wa pili uliingia saa 9:24. Nilivuta sanduku mtaa mzima nikikariri neno ulilonifundisha, "daikoo basu, daikoo basu". Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Nilipolitamka aliinamisha kichwa, akachukua sanduku langu kwa mikono miwili. Tulikuwa abiria watano. Tulizunguka milima yenye chai kila upande, basi likaondoka kwa dakika yake kamili, na jioni nilikuwa uwanja wa ndege mapema kiasi cha kupata nafasi ya kula.

Mdogo wangu anasema alikataa nauli yako ukamlazimisha kuipokea yote. Sawa, ila hiki usikikatae. Ndani ya kifurushi kuna pakiti ya chai ya kijani ya mlima ule ule niliopita na basi. Nimeionja mwenyewe kabla ya kuinunua, na naiwekea dhamana: ina utamu wa mwisho unaobaki kwenye ulimi, na majani yake yamesokotwa vizuri, hayana vumbi. Nimekutilia pia picha ya tangazo lile, imechapishwa kwa ukubwa unaosomeka. Mwanangu Neema amechora duara kwenye ile alama ya mwezi wa tisa, maana nilimweleza ulivyosema, kwamba kwao pia mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja la kuandika. Sasa anataka kujua kama ni wao waliochukua kwetu. Ukipata nafasi, namba yangu askari anayo, umjibu wewe.

Chai usiichemshe. Acha maji yapoe mpaka uweze kushika kikombe bila kuungua, mimina, subiri dakika moja, unywe bila maziwa. Majani hayo hayo yanakubali maji mara ya pili.

Wako mwenye shukrani,
Mama Neema, Umoja