Boriti, matumbawe na safu za swala: ukumbi wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Boriti za mikoko hazivuki nafasi kubwa, takriban mita tatu tu. Ndiyo maana paa tambarare la ukumbi wa kwanza lilidai nguzo nyingi, nazo zikakatiza safu za waumini. Upanuzi wa kusini, uliojengwa upya katika karne ya 15, ulibadili paa kuwa kuba na matao ya mawe na chokaa. Msitu wa nguzo ukabaki. Kwa maoni yangu, uzuri wake mkubwa unatokana na kizuizi hichohicho: njia kati ya nguzo zinaliongoza jicho kaskazini, kwenye kibla. Mihrabu ilinakshiwa kwa matumbawe laini ya baharini, ambayo huchongwa yangali mabichi, kisha hukakamaa hewani.