Mashine ya Ishirini na Tano

Siku ya kwanza ya muhula, hapa skuli kwetu Wete, niliwasha kompyuta 24. Zote ziliandika pembeni: Activate Windows. Leseni zimekwisha. Watoto wakanitazama.

Nikafungua kabati. Seva inayogawa leseni ilikuwa baridi, vumbi la chokaa juu yake. Niliichomoa mwenyewe Julai, tulipopaka rangi, nikasahau. Mashine huvumilia siku 180 bila kuisikia, zilimalizika likizoni. Liliniuma sana.

Nikaichomeka. Lakini seva ya aina hii haitoi leseni mpaka mashine 25 ziiombe, na ya 25 waya wake ulitafunwa na panya.

"Maalim, waya wa printa ya ofisini si ndio huohuo?" akauliza msichana wa mbele. Kabla sijajibu, ushungi wake ulishapotea mlangoni.

Tukaandika, mashine kwa mashine:

```
slmgr /ato
```

Ishirini na nne zikakataa. Yule msichana akarudi anahema, akachomeka waya, akaandika herufi mojamoja kwa kidole kimoja.

Ikakubali.

"Haya," nikasema, sauti ikinikwama, "turudi ya kwanza."