Programu ya kikoba: yanayoweza kuharibika, kabla hatujaandika msimbo

Toleo la kwanza. Kwa wenzangu wawili tutakaoijenga.

Tunachojenga: programu ya Android ya kikoba cha akina mama 28 wa soko la Mbagala. Itaweka hisa za kila wiki, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Pesa zenyewe hazitapita kwetu; zitabaki kwenye sanduku na kwenye simu ya mweka hazina. Sisi tunatunza hesabu tu, na hesabu ndiyo watakayogawania fedha siku ya kuvunja kikoba Desemba.

Jumapili nilikaa na mweka hazina kwenye meza yake ya dagaa. Simu yake imepasuka kioo na haina namba ya siri, kwa sababu mwanawe wa miaka tisa huichezea gemu. Meseji za malipo zikiingia, mtoto ndiye anayemsomea. Nilikuwa nimekuja na orodha ya wadukuzi wa mbali. Nimeichana. Wanaoweza kuwaumiza akina mama hawa ni watu wanaowafahamu.

Hesabu kubadilishwa. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote, nami nitaitetea mbele yenu. Sanduku lao lina kufuli tatu na funguo ziko kwa wanawake watatu, hakuna anayelifungua peke yake. Tukiweka programu ambayo mtu mmoja anaweza kugeuza 50,000 kuwa 5,000, tumewavunjia kufuli mbili. Kwa hiyo: muamala ukishaingia haufutwi wala haurekebishwi. Kosa linasahihishwa kwa muamala mwingine unaoonekana, na kila mkopo unathibitishwa na wawili. Sisi nasi tumo kwenye hatari hii, maana hifadhidata tunaishika. Mwisho wa kila kikao jumla zisomwe kwa sauti na wale watatu waziandike kwenye vitabu vyao. Siku seva ikisema tofauti, kitabu ndicho kitakachoaminiwa.

Siri ya mkopo. Wawili kati yao waliniambia waziwazi kwamba waume zao hawajui wanakopa. Taarifa ikitokea juu ya kioo kilichofungwa ikisema "Mkopo wako TSh 600,000 umeidhinishwa", tumeingiza ugomvi nyumbani kwa mtu. Iandikwe "Kuna taarifa mpya" na basi, bila hata neno kikoba.

Akaunti. Mlipendekeza mtu aingie kwa tarakimu za meseji peke yake. Nakataa. Laini huweza kuhamishiwa kwenye kadi nyingine na tapeli, na namba iliyolala muda mrefu mtandao humpa mteja mpya, ambaye ataanza kupokea meseji za mama wa watu. Iwepo na namba ya siri ya tarakimu sita, seva ifunge baada ya makosa matano, na kubadili simu kuidhinishwe kikaoni, uso kwa uso. Ni usumbufu, lakini hukutana kila wiki.

Seva isiamini namba ya mwanachama inayotumwa na simu. Mwanachama wa 17 akiomba hii:

```
GET /api/wanachama/18/mkopo
```

lazima akataliwe. Jaribio la hili liandikwe kabla ya ukurasa wa kwanza.

Simu kuibwa, kuuzwa, kupelekwa kwa fundi. Itatokea. Simuni tuhifadhi hesabu za kikao cha mwisho tu, kwa usimbaji, na tuzime nakala rudufu ya Android, ambayo tusipoigusa huwa imewashwa:

```
android:allowBackup="false"
```

Mweka hazina awe na namna ya kufunga akaunti akitumia simu ya mwenzake.

Tusichokusanya. Namba ya NIDA, picha, mahali mtu alipo, orodha ya namba zilizomo simuni: hapana kwa vyote. Wanajuana kwa sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume. Hilo nalibeba mimi.

Funguo zetu. Nenosiri la hifadhidata lisiingie kwenye Git hata kwa dakika tano. Ukilifuta baadaye, historia bado inalo. Dawa ni kulibadilisha.

Meseji za uongo za malipo. Mtu akionyesha meseji kwamba ametuma hisa, programu haiwezi kujua kama ni ya kweli. Mweka hazina aangalie salio lake kwanza ndipo aingize. Hili hatulitatui kwa msimbo, na tumweleze hivyo.

Bado sijapata jibu la moja: mwenye simu ya vitufe. Wako sita. Wakiangaliziwa akiba zao kwenye simu za wenzao, siri niliyoitetea hapo juu imekwisha. Nataka tulijadili hilo Alhamisi kabla ya jambo jingine lolote.