Ratiba ya zamu za walezi kuanzia Jumatatu, 2 Februari 2026

Kwa walezi wote wa kituo, mkuu wa kituo na msaidizi wake.

Uwiano tuliowaahidi wazazi kwenye fomu ya kujiunga ni huu: wachanga mlezi 1 kwa watoto 3, miaka 2 mlezi 1 kwa watoto 5, miaka 3 hadi 5 mlezi 1 kwa watoto 8. Tukiwa na wachanga 6, wa miaka 2 watoto 10 na wakubwa 16, tunahitaji walezi 6 vyumbani kila dakika. Mpishi, mlinzi na aliyesimama mlangoni hawahesabiwi.

Zamu (herufi ni nafasi; majina yako ubaoni kila Ijumaa)

- A na C: saa 12:15 asubuhi hadi 9:15 alasiri
- B, D na E: saa 1:15 asubuhi hadi 10:15 jioni
- G: saa 2:15 asubuhi hadi 11:15 jioni
- F na H: saa 3:15 asubuhi hadi 12:15 jioni
- Mlangoni: mkuu tangu saa 12:15 asubuhi, msaidizi tangu saa 3:15 asubuhi hadi kufunga

A na B ni wa wachanga, C na D wa miaka 2, E na F wa wakubwa. G na H ni wa kuwapokea wenzao.

Asubuhi. Kabla ya saa 1:15 wote wako chumba kimoja na A na C. Vyumba vikichanganyika, uwiano hauhesabiwi kwa jumla ya vichwa. Gawa kila kundi kwa uwiano wake, jumlisha, kisha panda hadi namba nzima. Wachanga 2, wa miaka 2 watatu na wakubwa 4: 2/3 + 3/5 + 4/8 = 1.77, yaani walezi 2. Akiingia mchanga wa tatu inakuwa 2.1, na hapo mkuu anaingia chumbani na mlango unafungwa. Mzazi atasubiri dakika chache. Ni afadhali asubiri kuliko mtoto wake aingie chumba chenye upungufu.

Saa 1:15 wachanga wanahamia chumbani kwao na A na B. Wa miaka 2 na wakubwa wanabaki pamoja na C, D na E, mradi wasizidi 7 na 12. Saa 2:15 G anaingia kwa wakubwa pamoja na E, na hapo vyumba vinatengana.

Mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Ndiyo maana wa alfajiri wanatangulia.

- 4:00 hadi 5:00: A na C. G anashika wachanga, H miaka 2
- 5:05 hadi 6:05: B na D. G na H wanabaki hapo hapo
- 6:10 hadi 7:10: E na G. H anahamia kwa wakubwa
- 7:15 hadi 8:15: F na H. G anashika kwa wakubwa

Zile dakika 5 katikati ni za makabidhiano. Ratiba huharibikia hapa: anayetoka anaondoka mwenzake akiwa bado ananawa mikono, na wachanga 6 wanabaki na mtu mmoja. Kwa hiyo hutoki mpaka mpokeaji awe ndani ya chumba, amehesabu vichwa kwa sauti na kusaini daftari. Mwambie nani amekunywa maziwa saa ngapi, nani ana dawa, nani amelala. Watoto wakiwa usingizini uwiano ni ule ule. Kati ya 4:00 na 8:15 hakuna mlezi wa ziada, kwa hiyo anayetaka kwenda chooni amwite msaidizi.

Kuchukuliwa. Saa 9:15 A na C wanaondoka. G anakaa na B kwa wachanga, H na D kwa miaka 2. Saa 10:15 vyumba vinaungana chini ya F, G na H, ikiwa hawajazidi wachanga 3, wa miaka 2 wanne na wakubwa 8. Wakizidi, kama siku za mvua foleni inapokwama, B anabaki mpaka hesabu ishuke, na muda huo unaandikwa na kulipwa. Saa 11:15 G haondoki kabla hesabu ile ya kugawa kila kundi kwa uwiano wake haijashuka hadi 2 au chini yake. Mzazi anaongea na msaidizi mlangoni; mlezi haachi kundi kwenda kueleza siku ya mtoto ilivyokwenda. Mtoto anafutwa kwenye daftari akishakabidhiwa mkononi, si mzazi anapoonekana getini.

Mlezi asipofika. Apige simu kabla ya saa 11:30 alfajiri. Msaidizi anaitwa mapema na kuchukua nafasi yake chumbani. Mkuu anabaki mlangoni hadi kufunga. Wakikosekana wawili, tunamwita mlezi wa akiba, na mpaka afike hatupokei mtoto atakayevunja uwiano. Mapumziko ya mtu hayakatwi kuziba pengo.