Ruzuku ya Mafuta Ikiondolewa: Bei, Kaya Maskini na Nani Alipwe Kwanza

TAARIFA FUPI YA SERA

Kwa: Katibu Mkuu, Hazina ya Kitaifa na Mipango ya Uchumi
Kutoka: Mshauri wa uchumi wa kaya, Mombasa
Tarehe: 25 Machi 2024
Kuhusu: Maandalizi ya bajeti ya 2024/25

Pendekezo

Ruzuku ya mafuta kwa watu wote isirudishwe. Lakini ikibidi kuondoa kiasi chochote kilichobaki, au kupandisha ushuru wa mafuta, kaya maskini ziwe zimeshalipwa fidia kabla ya bei mpya kuanza tarehe 15 ya mwezi. Mara mbili, Septemba 2022 na Septemba 2023, bei zilitangulia na msaada ukafuata nyuma, au haukuja kabisa. Bei ya petroli sasa imeshuka na shilingi imepata nguvu. Huu ndio wakati wa kutengeneza njia ya malipo, kabla tatizo halijabisha hodi tena.

Yaliyotokea

Ruzuku ilianza 2021, ikilipwa kutokana na tozo ya maendeleo ya petroli, ambayo ilikuwa imepandishwa kutoka senti 40 hadi Sh5.40 kwa lita mwaka 2020. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani mwaka 2022, tozo hiyo haikutosha. Serikali ikachelewa kuwalipa wauzaji mafuta, na Aprili mwaka huo tukaona foleni kwenye vituo vya mafuta nchi nzima. Hata hapa Mombasa, ambako mafuta yanashushwa Kipevu, watu walizunguka na mitungi wakitafuta. Kufikia Septemba 2022 ruzuku ilikuwa imemeza Sh144 bilioni, na Sh60 bilioni kati ya hizo zilitumika katika miezi minne tu. Mzigo huo haukuwa wa kubebeka, na sina nia ya kuutetea.

Tarehe 14 Septemba 2022, EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta kila mwezi, ilitangaza bei mpya. Jijini Nairobi petroli ilitoka Sh159.12 hadi Sh179.30, dizeli Sh140 hadi Sh165, na mafuta ya taa Sh127.94 hadi Sh147.94. (Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa shilingi kama tatu kwa sababu hakuna gharama ya bomba, lakini nyongeza huwa karibu sawa.) Julai 2023 ushuru wa thamani ya ziada kwenye mafuta ukapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Agosti ruzuku ikarudi ili bei zisipande. Mwezi uliofuata petroli ikafika Sh211.64, dizeli Sh200.99, na mafuta ya taa yakaruka kutoka Sh169.48 hadi Sh202.61.

Wastani wa nchi haukuona

Tazama namba za mfumuko wa bei. Agosti 2022 ulikuwa asilimia 8.5, Septemba 9.2 na Oktoba 9.6. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na mafuta, lakini ukame wa misimu minne mfululizo ulikuwa umeshapandisha bei ya vyakula, na haitakuwa haki kuibebesha ruzuku lawama yote. Mwaka uliofuata mambo yalikuwa tofauti zaidi. Agosti 2023 mfumuko ulikuwa asilimia 6.7, Septemba 6.8, Oktoba 6.9. Yaani mwezi ambao mafuta ya taa yalipanda kwa Sh33.13 kwa lita, karibu asilimia 20 kwa usiku mmoja, kipimo cha taifa kilisogea kwa 0.1 tu.

Ofisa anayesoma jedwali hilo akiwa Nairobi atasema hatua ilipita salama. Mimi nasema kipimo kile hakikutengenezwa kumwona aliyeumia. Kapu la bei la KNBS, shirika la takwimu la taifa, linakipa chakula uzito wa karibu thuluthi moja na usafiri kama asilimia 10, kwa matumizi ya kaya ya wastani. Kaya ya chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Bangladesh, Jomvu, hapa Mombasa, si ya wastani. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 7.8 ya kaya nchini hupikia mafuta ya taa. Katika hesabu ya taifa kundi hilo ni dogo, lakini wengi wao wako mijini, katika mitaa ambako kuni hazipatikani na mtungi wa gesi ni mtaji ambao mtu hana.

Chukua mama anayechoma mahamri na kupikia watoto kwa stovu, akitumia nusu lita kwa siku. Nyongeza ya Septemba 2023 peke yake ilimwongezea takriban Sh497 kwa mwezi. Malipo ya Inua Jamii, mpango wa Serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, ni Sh2,000 kwa mwezi, kwa hiyo hata angekuwa anayapokea, robo yake ingeishia kwenye stovu. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba ananunua kwa bei ya EPRA. Anayenunua robo lita kwenye kibanda cha jirani hulipa zaidi.

Nauli hupanda, haishuki

Hapa ndipo mafuta yanapogeuka kuwa mfumuko wa bei wa kila siku, na ndipo ningeomba Hazina itazame kwa makini zaidi.

Nauli zetu huenda kwa kumi kumi. Matatu ya abiria 14 ikitumia, tuseme, lita 30 za dizeli kwa siku, nyongeza ya Sh25 ya Septemba 2022 ilimgharimu mwenye gari Sh750. Akiongeza Sh10 kwa kila abiria, gharama hiyo inarudi kwa abiria 75, ambao ni safari sita hata zisizojaa zote. Gari hubeba zaidi ya hapo. Sikatai kwamba vipuri na mishahara pia hupanda, wala sisemi makanga ni mwizi. Nasema hivi: bei ya dizeli ikishuka kwa Sh5, hakuna sarafu ya kumrudishia abiria, na nauli hubaki pale pale. Mfanyakazi wa mjengo anayetoka Kisauni akiongezewa Sh20 kwenda na Sh20 kurudi, kwa siku 26 za kazi ni Sh1,040 kwa mwezi. Ndiyo maana unawaona wanaotembea kwa miguu alfajiri kuelekea kisiwani kupitia daraja la Nyali.

Dizeli huingia sokoni pia. Nyanya za Taveta na viazi vya bara hufika Kongowea kwa lori, na nauli ya lori huwekwa juu ya bei ya gunia kabla halijashuka. Umeme nao una mstari wa gharama ya mafuta kwenye bili, kwa sababu mitambo ya dizeli kama ya Kipevu bado inatumika.

Kuna jambo moja la Pwani ambalo hoja za kawaida hulisahau. Husemwa kwamba petroli ni ya wenye magari, kwa hiyo ruzuku yake ikiondolewa maskini hawaguswi. Kwa sehemu kubwa ni kweli: uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa katika nchi zinazoendelea uliona kwamba asilimia 20 ya watu walio matajiri zaidi hupata ruzuku ya mafuta mara sita ya asilimia 20 walio maskini zaidi. Lakini Mombasa petroli ndiyo inayoendesha tuktuk, bodaboda na mashine za mashua za wavuvi. Mvuvi akienda mbali kutafuta samaki, mafuta ndiyo gharama yake kubwa, na akirudi mtupu deni la mafuta humsubiri ufukweni. Si sababu ya kurudisha ruzuku ya petroli. Ni sababu ya kuwaingiza watu hawa kwenye orodha ya kufidiwa.

Wengine walifanyaje

Iran, Desemba 2010, iliweka fedha kwenye akaunti za wananchi kabla ya kupandisha bei. Watu waliziona, wakaziamini, ndipo bei zikabadilika. Indonesia, Oktoba 2005, ilipandisha bei kwa zaidi ya mara mbili kwa wastani huku ikianza kuzilipa mamilioni ya kaya maskini fedha taslimu. Mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 17 mwaka huo, kisha ukashuka, na sera ikasimama. Nigeria iliondoa ruzuku Mei 2023 kwa tamko la siku moja, bila malipo yaliyokuwa tayari, na sarafu yake ikaporomoka muda mfupi baadaye. Athari za hatua hizo mbili zikapandana.

Nasi pia tuna funzo letu. Fidia iliyotajwa Septemba 2022 ilikuwa mbolea ya bei nafuu, Sh3,500 kwa mfuko. Ni jambo jema kwa mkulima wa Trans Nzoia. Mpangaji wa Likoni hana shamba.

Tunachoomba kifanyike

Kwanza, bajeti ya 2024/25 iwe na kifungu cha fidia ya mafuta kinachojiwasha chenyewe. Uamuzi wa Serikali, uwe wa kuondoa ruzuku au kuongeza ushuru, ukipandisha lita kwa zaidi ya Sh10 katika mzunguko mmoja, kaya zilizosajiliwa zilipwe nyongeza kwa simu kwa miezi sita, na malipo ya kwanza yaingie kabla ya tarehe 14. Baada ya hapo nyongeza ipunguzwe polepole. Kuondoa ruzuku hupandisha kiwango cha bei mara moja, na baada ya miezi 12 athari yake hutoka kwenye hesabu ya mwaka, mradi mishahara na nauli zisianze kufukuzana. Benki Kuu ikijua mapema ratiba ya Hazina haitalazimika kupandisha riba kwa kukisia.

Ugumu uko kwenye orodha. Inua Jamii inawajua wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Haimjui dereva wa tuktuk wala muuza viazi karai. Mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ililipa kaya za mijini Sh1,000 kwa wiki kupitia simu, kwa hiyo njia ipo. Malalamiko yalikuwa juu ya nani aliandikwa na nani aliachwa. Safari hii majina yabandikwe kwenye ofisi ya chifu kwa wiki mbili ili watu wapinge na kuongeza, na vikundi vya usimamizi wa fukwe viwataje wavuvi.

Pili, mafuta ya taa. Tangu 2018 yanatozwa Sh18 kwa lita ili yasichanganywe na dizeli. Sababu hiyo ni ya kweli na sipendekezi tozo ifutwe kesho. Napendekeza kwamba mapato yake yatengwe kununua mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa kaya zinazopikia stovu. Gesi imeshaondolewa ushuru wa thamani ya ziada tangu Julai 2023. Kinachomzuia mama yule ni bei ya mtungi na kichomeo siku ya kwanza.

Tatu, ruzuku iliyobaki iondolewe kwa mizunguko minne, ikianza na petroli na kumalizia na mafuta ya taa, si yote mara moja.

Ili haya yawezekane kabla ya mwaka mpya wa fedha, usajili wa mitaa uanze Aprili. Tunapendekeza majaribio yaanzie Likoni na Changamwe, ambako wazee wa mitaa wanazijua nyumba mlango kwa mlango, na orodha ya kwanza ifike Hazina kufikia tarehe 31 Mei.