Vikapu vya Futari kwa Mwezi Mtukufu wa Ramadhani 1447: Tangazo kwa Wateja Wetu wa Lamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wateja wetu waheshimiwa, mama zetu, baba zetu na ndugu zetu wa Langoni, Mkomani na mitaa yote ya Amu, tunapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, unaotarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari 2026 kwa kutegemea kuandama kwa mwezi na tangazo la Kadhi Mkuu, tunapenda kuwajulisha kwamba duka letu la vyakula hapa Langoni limeandaa vikapu vya futari vitakavyouzwa kwa bei iliyopunguzwa kuanzia Jumatatu, tarehe 9 Februari, hadi usiku wa kuandama mwezi wa Shawali. Bei zilizoandikwa katika tangazo hili hazitapanda katikati ya mwezi, hata kama sukari au tende zitapanda bei kwa wauzaji wa jumla wa Mombasa, kwa kuwa bidhaa za vikapu hivi zimekwisha kununuliwa, zimevushwa kutoka Mokowe na ziko ghalani.

Kikapu cha Familia kimepangwa kwa nyumba ya watu watano au sita kwa muda wa wiki moja hivi. Ndani yake mna tende kilo 1, unga wa ngano pakiti mbili za kilo 2 kila moja, mchele wa basmati kilo 3, sukari kilo 2, mafuta ya kupikia lita 2, mbaazi kavu kilo 1, dengu kilo 1, tambi pakiti mbili, nazi tano, ukwaju nusu kilo, na vifurushi vidogo vya hiliki na pilipili manga. Bidhaa hizo zikinunuliwa mojamoja dukani kwetu hufika shilingi 3,510, na kikapu kizima tunakiuza shilingi 3,150. Tumetaja hesabu zote mbili ili kila mteja aone mwenyewe punguzo ni kiasi gani, na bei ya kila bidhaa imebandikwa rafuni kwa atakayetaka kujumlisha.

Kikapu Kidogo ni cha mtu anayeishi peke yake au mume na mke wasio na watoto nyumbani, na pia kimewafaa wafanyakazi wengi waliopanga chumba mjini. Kina tende nusu kilo, unga wa ngano kilo 2, mchele kilo 1, sukari kilo 1, dengu nusu kilo, nazi mbili, ukwaju robo kilo na majani ya chai gramu 100. Bei yake ni shilingi 990 badala ya 1,130.

Tunaomba tuzieleze tende kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndizo wateja wanazouliza kwanza na ndizo zinazofunguliwa kwanza wakati wa Magharibi. Tende za vikapuni ni laini, zimefungwa katika pakiti zilizozibwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka bila kufungua. Hatukuweka tende za kupimwa kutoka gunia lililo wazi, kwani katika joto hili la kaskazi tende iliyo wazi huvutia wadudu na kuchacha upesi, hasa ikikaa karibu na ukuta wenye unyevu. Anayependa Ajwa za Madina au Sukari za Qasim atazipata kaunta, na akitaka ziwekwe kikapuni badala ya zile za kawaida atalipa tofauti ya bei peke yake. Kwa maoni yetu Ajwa ni tende ya kutafunwa polepole baada ya Tarawehe pamoja na kahawa chungu, na kwa meza yenye watoto wengi tende laini za kawaida zinatosha kabisa, lakini kila nyumba ina mazoea yake.

Mtaona kwamba hatukuweka muhogo, viazi vitamu, magimbi wala ndizi ndani ya vikapu, ingawa futari ya Amu haikamiliki bila kimojawapo kikiwa kimepikwa kwa nazi. Vyakula hivi haviwezi kukaa wiki nzima pamoja na unga na sukari bila kuharibika au kuharibu vingine. Kwa hiyo tutaviuza kila siku vikiwa vibichi kuanzia baada ya Adhuhuri, na mwenye risiti ya kikapu chochote atapunguziwa shilingi 10 katika kila kilo ya muhogo au viazi vitamu kwa mwezi wote. Nazi za vikapuni nazo zimechaguliwa kwa kutikiswa mojamoja. Ukivunja nazi ukakuta imeoza, rudisha kifuu chake au tuma picha yake, nasi tutakupa nyingine bila maswali.

Wapo wateja wetu wenye kisukari, shinikizo la damu au maagizo mengine ya daktari, na wapo pia wasiofunga kwa udhuru wanaoujua wao na Mola wao. Mteja yeyote anaweza kuomba sukari iondolewe kikapuni na badala yake awekewe dengu, mbaazi au unga wa mtama wenye thamani ileile, au mafuta yapunguzwe na mchele uongezwe. Wahudumu wetu wameelekezwa wasiulize sababu ya ombi kama hilo.

Kwa ajili ya daku tumeweka kando rafu moja karibu na mlango, yenye unga wa uji, shayiri, maziwa, mayai na kunde, vyakula vinavyokaa tumboni kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari nyingi. Ramadhani ya mwaka huu inaangukia mwishoni mwa kaskazi, wakati ambao kiu huwasumbua wafungaji kuliko njaa, na ndiyo sababu ukwaju umo katika kila kikapu. Sambusa za kukaanga na kaimati zilizochovywa shirani kila mtu anazijua, lakini gilasi ya ukwaju usiotiwa sukari nyingi ni msaada mkubwa kwa aliyeshinda juani bandarini au kwenye ujenzi.

Vikapu vyenyewe ni vya miyaa, vimesukwa na akina mama wa Matondoni, na vitabaki kuwa mali ya mteja. Atakayerudi na kikapu chake wiki inayofuata ili kijazwe tena atapunguziwa shilingi 100 nyingine katika Kikapu cha Familia, au 50 katika Kikapu Kidogo.

Wateja wengi hununua chakula kwa nia ya kuwafuturisha wengine. Kwao tumeandaa Kikapu cha Jirani, chenye kila kilichomo katika Kikapu Kidogo pamoja na mafuta ya kupikia lita 1, kwa bei ya shilingi 1,200, ambayo ni bei tuliyonunulia sisi, bila faida. Unaweza kukichukua ukakipeleka mwenyewe, au ukatuachia jina la mtaa na nyumba nasi tukakifikisha. Kikapu hiki hufungwa sawasawa na vile vingine, hakina maandishi ya sadaka wala nembo ya duka, ili anayekipokea asitambulike njiani. Hatupigi picha ya mtu anayepokea na hatutaji jina la aliyetoa isipokuwa yeye mwenyewe ametuomba. Ujira wa kumfuturisha aliyefunga unajulikana na kila Muislamu, na hatuoni kama ni adabu kuufanya chambo cha biashara. Kwa sababu hiyohiyo hatutaendesha bahati nasibu wala kuponi za kushindania zawadi mwezi huu, ingawa baadhi ya wauzaji wa bidhaa walitupendekezea. Punguzo lililopo ni la kila mnunuzi.

Mizani yetu ya kaunta imegeuzwa ielekee upande wa mteja. Sura ya Al-Mutaffifin inatosha kutukumbusha hatari ya kupunja vipimo, na mteja akiwa na shaka na pakiti yoyote iliyofungwa na sisi wenyewe, kama vile dengu, mbaazi au ukwaju, ana haki ya kuomba ipimwe tena mbele yake.

Kuhusu saa za kazi, duka litafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili kamili jioni, yaani karibu nusu saa kabla ya adhana ya Magharibi, kwa sababu wafanyakazi wetu nao wamefunga na wana watu wanaowasubiri nyumbani. Litafunguliwa tena baada ya Tarawehe hadi saa sita za usiku. Tunawasihi wanaotaka vikapu wasingoje dakika za mwisho baada ya Alasiri, wakati ambao Njia Kuu hujaa watu, punda na mikokoteni, na kila mmoja ana haraka. Mchana hatutakuwa na vyakula vya kuonja wala kukaanga chochote mlangoni, na redio itafunguliwa kwa kisomo cha Qur'ani pekee. Majirani zetu wasio Waislamu wanakaribishwa kama siku zote, na punguzo hili ni lao pia.

Kupelekewa kikapu nyumbani ni bure ndani ya Langoni na Mkomani. Mizigo itapelekwa kwa punda katika vipindi viwili, asubuhi kabla ya saa nne na jioni baada ya Alasiri, kwani hatuoni sababu ya kumbebesha mnyama mzigo katika jua la mchana ilhali oda inaweza kusubiri. Wateja wa Gadeni, Wiyoni na Kashmir watalipa shilingi 50. Wa Shela, Matondoni na Manda tutawapelekea kwa boti kila Jumatatu na Alhamisi, na watachangia nauli ya mzigo tu, itakayotajwa kabla ya oda kuthibitishwa.

Malipo ni kwa fedha taslimu au kwa M-Pesa, kwa namba iliyobandikwa kaunta na iliyochapishwa kwenye risiti zenu, na tunaomba msitume fedha kwa namba nyingine yoyote itakayosambazwa kwa jina letu. Wenye daftari dukani wanaweza kuchukua Kikapu kimoja cha Familia kwa deni na kulipa kabla ya Idi, bila nyongeza yoyote.

Katika kumi la mwisho tutakuwa pia na mifuko ya mchele kwa ajili ya Zaka ya Fitri. Wanazuoni hukadiria pishi moja kwa kila mtu kuwa baina ya kilo 2.5 na kilo 3, nasi tumefunga kilo 3 kwa tahadhari. Kila mfuko ni shilingi 480, na anayetaka kujua zaidi kuhusu hukumu zake amuulize imamu wa msikiti wake. Kwa kuwa zaka hii hutolewa kabla ya swala ya Idi, usiku wa kuamkia Idi duka litakuwa wazi mpaka saa nane za usiku kwa mifuko hiyo peke yake.

Oda za wiki ya kwanza zinapokewa kaunta kuanzia sasa, na kwa wanaotaka kupelekewa siku ya mfungo wa kwanza, tafadhali ziwekwe kabla ya Jumamosi, tarehe 14 Februari, saa kumi jioni.

Ramadhani Karim.

Uongozi na wafanyakazi wa duka la vyakula, Langoni, Lamu