Mpangilio wa Makala: Uonevu Katika Sekondari za Bweni, Manispaa ya Moshi

1. Utangulizi. Uonevu ni kumuumiza mtu kwa makusudi, tena na tena, pale nguvu zisipolingana (fasili ya mwanasaikolojia Dan Olweus). Ugomvi wa mara moja haumo.

2. Chanzo. Hapa ndipo nitakaa sana. Njuka wa kidato cha kwanza anafua soksi za kaka mkuu, ndoo yake ya maji inachukuliwa alfajiri, na mwalimu wa zamu anaita hayo "kukomaa". Viranja wana fimbo bila msimamizi.

3. Athari. Utoro, alama kushuka, kukosa usingizi. Muonevu naye huzoea ubabe.

4. Kinga ya shule nzima. Kanuni zilizoandikwa na wanafunzi, matroni bwenini usiku, wazazi kikaoni, Sheria ya Mtoto ya 2009. Sanduku la maoni pekee halitoshi: funguo anazo nani?